Vidato Shavuni

Picha yenyewe ni ya shangazi yangu, ilipigwa studio moja ya Tanga mwaka 1964. Ni picha ya karatasi, nyeusi na nyeupe, sentimita 9 kwa 12. Ameketi nusu ubavu, ushungi umeteremka begani, na taa ya mpiga picha imemulika shavu la kulia kisha ikafifia taratibu kuelekea sikioni. Binti yake, binamu yangu, aliniomba niitie rangi na kuichapisha kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 40, itundikwe sebuleni.

Nilifanya kazi ile usiku tatu. Kwenye kompyuta yangu ndogo ilipendeza: ngozi ya maji ya kunde, wekundu kidogo shavuni, ushungi wa buluu kama binamu alivyonieleza. Nikatoa faili, nikaipeleka kwenye maabara ya uchapishaji. Siku iliyofuata binamu alinipigia simu. "Kaka, picha nimeipokea, ahsante. Lakini mbona mama ana mistari shavuni?"

Nilipokwenda kuitazama niliona alichokiona. Mahali ambapo nuru ilipaswa kufifia bila alama palikuwa na mikanda iliyopindana, mmoja mweusi kuliko mwenzake, mfano wa mistari ya miinuko kwenye ramani ya mlima. Kila mkanda ulikuwa na upana wa kama milimita tatu. Sisi tunaofanya kazi hii tunaviita vidato, kwa kuwa rangi inashuka kwa ngazi pale inapotakiwa kuteleza. Wachapaji hawakuwa na kosa. Vidato vilikuwa ndani ya faili niliyowapa, na ilinichukua juma zima kujua vimezaliwa wapi.

Twende kwenye hesabu, maana jambo lote limo humo. Picha ya kawaida ya kompyuta huandika kila pikseli kwa namba tatu: nyekundu, kijani na buluu. Ikiwa ni ya biti 8, kila namba huanzia 0 na kuishia 255, yaani hatua 256. Zikichanganywa zote tatu hupatikana rangi zaidi ya milioni 16, na ndiyo maana watu husema zinatosha. Ni kweli zinatosha kwa picha nzima. Lakini shavu halitumii picha nzima. Shavu la shangazi kwenye karatasi lina upana wa sentimita 2 hivi, na niliposkani kwa nukta 600 kwa inchi lilipata pikseli kama 470. Karatasi ilikuwa imefifia kwa miaka sitini, weusi wake umekuwa kijivu, kwa hiyo kutoka sehemu yenye nuru hadi kivulini karibu na sikio skana iliona tofauti ya hatua 20 tu, tuseme kutoka 138 kushuka hadi 118.

Kazi ya kwanza ya mtu anayefufua picha iliyofifia ni kuivuta, weusi urudi kuwa mweusi na nuru irudi kuwa nuru. Nilivuta, shavu likawa linaanzia 140 na kuishia 92. Hizo ni hatua 48. Lakini kuvuta hakuzai toni mpya. Zilezile 20 zilitawanywa juu ya nafasi 48, kwa hiyo kila moja ikaruka mbili au tatu hadi kuifikia inayofuata. Gawa pikseli 470 kwa 20: kila kidato kina upana wa pikseli 23, ambazo kwenye karatasi ya asili ni milimita moja. Picha ikikuzwa kutoka sentimita 9 hadi 30, milimita ile inakuwa tatu na kitu. Ndivyo vidato alivyoviona binamu.

Mtu anaweza kuuliza: kuruka hatua mbili kati ya 256 kunaonekanaje? Jibu limo machoni mwetu. Mwaka 1865 mwanafizikia Ernst Mach alieleza kwamba pale kivuli kimoja kinapopakana na kingine, jicho huuzidisha mpaka: upande mweusi huonekana mweusi zaidi ukingoni, na mweupe huonekana mweupe zaidi. Tofauti ndogo ambayo usingeigundua kama rangi hizo mbili zingewekwa mbalimbali, huigundua mara moja zikigusana kwenye mstari mrefu. Na ngozi ya uso ndipo mahali ambapo jicho la mtu halisamehi.

Hata hivyo hesabu ile haikuniridhisha. Nilipofungua skani ya mwanzo kabisa na kuivuta vilevile, vidato havikuonekana. Toni zilikuwa chache vilevile, lakini shavu lilikuwa laini. Ilibidi nikuze picha mno ndipo nielewe. Skani ya mwanzo ilikuwa na chembe: zile za fedha kwenye picha yenyewe na zile za uso wa karatasi. Kwa sababu ya chembe, hakukuwa na mpaka uliokatika kati ya 130 na 129. Kulikuwa na eneo ambamo pikseli za 130 na za 129 zimechanganyika kama mchele na choroko, upande huu mchele mwingi, upande ule choroko nyingi, na jicho likitazama kwa mbali linaona mteremko. Chembe zilikuwa zimeficha upungufu wa hatua.

Na mimi nilikuwa nimeziondoa. Usiku wa kwanza, kabla ya kutia rangi, nilipitisha kichujio cha kulainisha ngozi kwa sababu chembe zilinikera. Kichujio hufanya kazi kwa kupata wastani wa pikseli jirani. Wastani wa mchanganyiko wa 130 na 129 ni 129.6, au 129.3, au 129.1, na hizo ndizo toni za kati ambazo shavu lilizihitaji. Lakini faili la biti 8 halina pa kuandika 129.6. Kila wastani ulikatwa kuwa namba kamili iliyo karibu, na mteremko ukageuka ngazi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipata nusu. Husemwa kwamba kugeuza faili la biti 8 kuwa la biti 16 hakuna faida, kwani taarifa iliyopotea hairudi. Ni kweli ikiwa picha tayari imelainishwa. Lakini ikiwa bado ina chembe zake, faida ipo kubwa: geuza kwanza, ndipo ulainishe, na zile desimali zitapata pa kukaa. Katika biti 16, kila hatua moja ya biti 8 ina hatua zaidi ya 250 ndani yake. Katika GIMP, toleo la 2.10, utaona `Image > Precision`, hapo uchague `16-bit integer` au `32-bit floating point`. Katika Photoshop ni `Image > Mode > 16 Bits/Channel`. Ni jambo la sekunde mbili, na hufanywa mwanzo wa kazi, kabla ya kugusa kitu chochote.

Kwa shangazi niliamua kuanza upya kabisa. Niliskani karatasi tena, safari hii kwa nukta 1200 kwa inchi na kwa kijivu cha biti 16. Faili lilitoka na pikseli 4252 kwa 5669, uzito wa megabaiti 48. Kwenye programu ya skana chaguo hilo huandikwa `16-bit Grayscale`, au `48-bit Color` ukiskani kwa rangi, kwa maana ya biti 16 mara chaneli tatu. Msomaji asichanganyikiwe na namba hizi: `24-bit` ya skana ndiyo ileile biti 8 kwa chaneli, imejumlishwa tu.

Kuna mtego mwingine wa jina unaofanana na huu. Unapotoa picha kwa PNG, baadhi ya programu hukupa chaguo la `PNG-8`. Nane ile si biti 8 kwa kila chaneli. Ni biti 8 kwa picha nzima, yaani rangi 256 jumla, kwa uso, ushungi, pazia na kila kitu. Inafaa kwa nembo na michoro. Uso wa mtu ukipita humo hutoka kama umebandikwa viraka. PNG ya picha huwa `PNG-24`, au ya biti 16.

Sasa rangi. Nilitia rangi juu ya tabaka la kijivu kwa njia ya kawaida: kila rangi kwenye tabaka lake, hali ya kuchanganya ikiwa `Color` au `Soft Light`, na barakoa yenye ukingo laini. Ngozi ya maji ya kunde si rangi moja. Paji la uso huelekea umanjano, shavu wekundu, chini ya kidevu hudhurungi iliyopoa. Nilipofika hapo nilitakiwa kuamua kazi ifanyike katika eneo gani la rangi, na hapo ndipo nilipokuwa nimekosea mara ya pili bila kujua.

Eneo la rangi ni makubaliano juu ya namba: nyekundu ya 255 ni nyekundu kali kiasi gani? Katika sRGB, iliyotungwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996 na ambayo skrini nyingi na maabara nyingi huifuata, ni nyekundu ya kiasi. Katika Adobe RGB ya mwaka 1998 eneo limepanuliwa, hasa upande wa kijani. Katika ProPhoto RGB, iliyotoka Kodak, eneo ni pana kiasi kwamba baadhi ya rangi zake hazionekani na jicho la binadamu. Mara ya kwanza nilichagua ProPhoto kwa kudhani kwamba pana ni bora. Lakini hatua ni zilezile 256. Ukizitandaza juu ya eneo pana, umbali kati ya hatua na hatua unaongezeka, na ngozi, ambayo inakaa katikati ya eneo mbali na kingo zote, inabaki na hatua chache zaidi. Ni kama kufuma mkeka mpana kwa ukili uleule: lazima mianya iongezeke.

Ngozi ya mtu, iwe nyeusi au nyeupe, iwe ya Tanga au ya Oslo, inaingia yote ndani ya sRGB na nafasi inabaki. Kwa hiyo kwa picha ya uso iliyotiwa rangi kwa mkono mimi sasa hutumia sRGB tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye sababu ya kutumia eneo pana, pengine ana kitambaa cha rangi kali ambacho anajua mashine yake ya kuchapa inaweza kukitoa, na abaki katika biti 16 muda wote, kisha ageuze kwenda sRGB kabla ya kushusha kwenda biti 8, asifanye kinyume chake. Ugeuzaji wa eneo ni hesabu juu ya kila pikseli, na ukifanywa katika biti 8 kila jibu linakatwa na vidato vinaongezeka. Tena ni kugeuza, si kubandika. Photoshop ina amri mbili zinazokaa jirani: `Convert to Profile` hubadilisha namba ili rangi ibaki ileile, na `Assign Profile` huacha namba na kubadilisha maana yake, hivyo rangi huhama. Uso uliopauka ghafla baada ya kutolewa, mara nyingi umepitia hiyo ya pili, au umetolewa bila profaili yoyote ndani yake.

Imebaki mbano, na hapa ndipo faili safi linapoweza kuharibiwa dakika ya mwisho.

JPEG, kiwango cha mwaka 1992, hukata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Kila mraba haukumbuki pikseli zake moja moja. Unakumbuka wastani wake, kisha mawimbi yanayojenga tofauti ndani yake, kuanzia wimbi pana la polepole hadi mawimbi ya haraka yanayobeba chembe na nywele. Mawimbi hayo hupimwa na kukatwa kwenye kipimo fulani, na ile namba ya ubora unayochagua ndiyo inayosema kipimo kiwe kikubwa kiasi gani. Wimbi lililo dogo kuliko nusu ya kipimo huandikwa sifuri.

Tazama sasa shavu. Katika faili la kuchapisha, pikseli 3543 kwa 4724, shavu lina pikseli karibu 790 na nuru inashuka hatua 48. Ndani ya mraba mmoja wa pikseli 8 nuru inashuka nusu ya hatua tu. Wimbi pana linalobeba mteremko huo lina ukubwa wa takriban 1. Kwa ubora wa 75, kwa jedwali la kawaida linalotumiwa na programu nyingi, kipimo cha wimbi hilo ni 6. Moja mbele ya sita inaandikwa sifuri, na mraba mzima unakuwa na toni moja. Jirani yake vilevile. Kwa ubora wa 95 kipimo kinakuwa 1, na wimbi linaokoka. Hii ndiyo sababu JPEG ya 75 inaweza kuonyesha nywele na ukingo wa ushungi vizuri kabisa, kisha ikaliharibu shavu: palipo na mambo mengi mawimbi ni makubwa na yanavuka kipimo, palipo laini hakuna kinachovuka.

Upande wa rangi ni mkali zaidi. JPEG hutenganisha mwanga na rangi, na kwa kawaida huipunguza rangi nusu kwa upana na nusu kwa urefu, kwa kuwa jicho letu ni zito kwa rangi. Mpango huo huandikwa `4:2:0`, na maana yake mraba mmoja wa rangi unafunika pikseli 16 kwa 16. Kwa picha ya kamera madhara ni madogo. Kwa picha iliyotiwa rangi hali ni tofauti, kwa sababu mwanga umetoka kwenye picha ya zamani pamoja na chembe zake, lakini rangi imetoka kwenye brashi yako, laini, haina chembe hata moja. Hakuna cha kuficha miraba. Utaona mabaka shavuni, hapa waridi, pale kijani cha mbali, ambayo hayafuati umbo la uso. Dirisha la kutoa JPEG la GIMP lina kipengele cha `Subsampling`. Chagua `4:4:4`, ubora uwe 95. Faili litakuwa zito zaidi, nalo ni la kuchapa mara moja na kuhifadhi.

Nakala mama haiwi JPEG kamwe. Mimi huihifadhi kwa TIFF ya biti 16 pamoja na faili lenye matabaka. Mbano wa TIFF usiopoteza kitu upo wa aina mbili zilizozoeleka, LZW na ZIP. Kwa biti 16 chagua ZIP, kwa sababu LZW mara nyingi huliongeza faili badala ya kulipunguza.

Kabla ya kutoa, nilirudisha chembe. Huu ndio uamuzi ambao ningemshauri mtu auchukue hata kama mengine yote ameyasahau. Nilipunguza kwanza picha kufikia pikseli zake za mwisho, maana kupunguza baada ya kutia chembe huzifuta. Nikaweka juu tabaka la kijivu cha kati, nikalitia chembe za kijivu zisizo na rangi, nikazififisha kwa ukungu wa pikseli 0.8, na kulichanganya kwa `Soft Light`. Nikashusha uzito wake hadi pikseli jirani kwenye shavu zikatofautiana hatua mbili au tatu. Ukungu ule mdogo una kazi. Chembe ya pikseli moja ni wimbi la haraka, na JPEG hufuta mawimbi ya haraka kwanza, hata kwa 95. Chembe yenye upana wa pikseli mbili tatu ni wimbi la polepole zaidi na hupita.

Kwa anayependa kuandika amri, ImageMagick hufanya hatua ya mwisho kwa mstari mmoja, mradi TIFF ina profaili yake ndani:

```
magick shangazi.tif -profile sRGB.icc -depth 8 -sampling-factor 4:4:4 -quality 95 shangazi.jpg
```

Na kabla ya kulipia karatasi kubwa, kagua. Fungua JPEG yenyewe, isiwe nakala mama, kwa ukubwa wa asilimia 100. Ukiona vidato usikimbilie kulaumu faili, kwa kuwa skrini nyingi za bei nafuu zina hatua chache kuliko faili lenyewe na huzalisha vidato vyao. Chukua kifaa cha kusoma rangi, utembee polepole juu ya kidato ukisoma namba. Zikipishana moja moja, 121, 120, 121, 119, faili ni zima na skrini ndiyo inayokudanganya. Zikisimama 121 kwa pikseli ishirini kisha zikaruka 118, kosa limo ndani. Histogramu nayo husema: iliyojaa ni nzuri, yenye mapengo kama chanuo ina hatua zilizovutwa, ingawa chembe zikiongezwa mapengo hujaa.

Faili likishakaguliwa, namna ya kulifikisha nayo ina neno. WhatsApp huibana upya picha inayotumwa kama picha. Itume kama hati, ifike kama ilivyotoka.

Safari ya pili nilikata kipande cha shavu na sikio, sentimita 10 kwa 15 kwa ukubwa uleule wa mwisho, nikakichapisha peke yake na kukitazama mchana dirishani. Shavu lilishuka hadi sikioni bila kukatika. Ndipo nikaagiza ile kubwa. Ilipotoka niliona kitu kimoja ambacho kipande hakikunionyesha: chembe nilizitia kwenye barakoa ya uso na mikono tu, na pazia la studio nyuma ya bega la kushoto, lililo laini kama shavu, lilikuwa na vidato vinne hafifu. Binamu hajaviona. Mimi nikienda kwake naviona nikiwa bado mlangoni, na tabaka la chembe kwenye nakala mama nimeshalitandaza juu ya picha nzima, likisubiri karatasi nyingine.